Mguu wa Kushoto wa Kidato cha Pili

Mimi ni mtunza maabara. Katika shule yetu mtunza maabara hukumbukwa kitu kinapopotea, basi. Kwa miaka kumi na moja nimetunza chupa, mizani, mifupa ya plastiki na saa sita za kupimia mbio, na katika miaka yote hiyo mtu pekee aliyekuja kuazima saa na kuzirudisha zikiwa sita ni shemeji yangu, dada wa mke wangu, mwalimu wa michezo. Wanafunzi humwita Filimbi. Walimu nao humwita hivyo akiwa hayupo, na baadhi yetu hata akiwepo.

Nimeamua kuandika habari zake kwa sababu zinasimuliwa ovyo. Wako wanaosema aliwalemaza watoto siku ya ukaguzi. Wengine wanasema alimtukana mkaguzi. Nilikuwepo, nilibeba benchi moja kwa mikono yangu, na ninayesimulia ni mimi.

Filimbi ana miaka arobaini na sita, mfupi, sauti yake imekwaruzika kwa kupiga kelele upande wa upepo. Huvaa kofia ileile ya kitambaa ambayo mke wangu ameapa kuichoma. Nyumbani kwao anaishi na mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, na binti mmoja anayemaliza chuo, na hakuna mtu katika nyumba ile anayeruhusiwa kusema amechoka bila kueleza amechoka vipi. "Umechoka pumzi au umechoka misuli?" atauliza. Mumewe siku hizi husema ana usingizi, yaishe.

Somo analolipenda kuliko yote ni jinsi mwili unavyopata nguvu ya kukimbia. Kitabuni ni kurasa nne zenye maneno ya kutisha: fosfokreatini, anaerobiki, aerobiki. Yeye hulifundisha wiki tatu, nje, na haandiki neno hata moja ubaoni.

Wiki ya kwanza huwapanga kidato cha pili, watoto thelathini na wanane, mwanzoni mwa mita thelathini. Kila mmoja hukimbia mara sita kwa nguvu zote, na kati ya mbio moja na nyingine anapumzika sekunde ishirini tu. Mwaka huu kulikuwa na kijana anayeitwa Mshale, mwenye mbio na mwenye kujua kuwa ana mbio. Mara ya kwanza alitumia sekunde nne na nusu. Mara ya sita alitumia tano na nusu, akaenda kujishika kwenye nguzo ya goli kama mtu aliyepokea barua mbaya. Siku chache baadaye Filimbi akarudia zoezi lilelile, ila mapumziko yakawa dakika tatu. Mara ya sita Mshale akapata nne nukta sita.

"Haya, niambieni," akasema Filimbi. "Mtu ni yuleyule, miguu ni ileile, uwanja ni uleule. Kilichobadilika ni nini?"

Wakabishana mpaka wakafika wenyewe: mapumziko. Ndipo akatoa glasi ya maji, ndoo ya maji, na kunyoosha kidole kwenye bomba lililo kando ya vyoo, lile linalotiririka uzi mwembamba mwaka mzima. "Glasi iko mkononi," akasema. "Unainywa papo hapo, lakini sekunde chache tu imekwisha. Hiyo ndiyo nguvu ya mbio fupi, imewekwa ndani ya msuli tayari, haihitaji pumzi. Ndoo iko karibu, unachota haraka, lakini unamwaga maji sakafuni. Hiyo ndiyo nguvu ya mbio za mita mia nne, sukari inavunjwa haraka bila kusubiri hewa, na miguu inawaka moto. Bomba linatoa polepole, linahitaji hewa, lakini halikatiki. Na nani anaijaza glasi ukipumzika?"

"Bomba," wakasema.

"Na je, ukichota ndoo, bomba linafungwa?"

Hapo ndipo watoto wote hukwama, na walimu pia.

"Halifungwi," akasema. "Vyote vitatu vinatoa kwa pamoja, tangu hatua ya kwanza. Kinachobadilika ni kipi kinatoa zaidi."

Kisha akawazungusha uwanja dakika kumi na mbili mwendo wa taratibu, wakisema kwa sauti hesabu za kuzidisha saba. Anayeweza kusema mstari mzima bila kukata pumzi, bomba linamtosha. Anayesema "saba mara tatu" halafu anatafuta hewa, ameanza kuchota ndoo. Mwalimu wa Taaluma aliposikia saba mara nane ikitoka uwanjani alitoka ofisini akitabasamu. Alipoona ni mbio, tabasamu likakauka.

Huyo Taaluma ndiye chanzo cha yote. Ni mtu msafi, kalamu tatu mfukoni, na ana imani kwamba mtoto aliyesimama hajifunzi. Jumatatu, katika kikao cha walimu, alisimama akapendekeza vipindi viwili vya uwanjani vya kidato cha pili vigeuzwe kuwa vya marudio darasani. Alisema somo la nishati lina kurasa nne na linamalizika kwa dakika arobaini kwa chaki. Mkuu wa shule, ambaye hapendi ugomvi hata wa kuku, akasema mkaguzi wa somo anakuja Alhamisi. Akiridhika na somo la uwanjani, vipindi vinabaki. Asiporidhika, vinakwenda kwa Taaluma.

"Sawa," akasema Filimbi. Neno moja. Mimi ninayemjua nikajua kuna balaa.

Kwa sababu wiki moja kabla ya kikao hicho alikuwa amegundua jambo, na jambo hilo lilikuwa linamla.

Ilianza na msichana mmoja wa darasa lile, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi, ambaye wenzake wanamwita Mbishi na yeye hakatai. Filimbi alikuwa amewafundisha, kama anavyofundisha kila mwaka, kwamba ukichota ndoo sana unabaki na asidi ya laktiki misulini, na hiyo ndiyo inayokuuma kesho yake na keshokutwa. Mbishi akanyoosha mkono.

"Mwalimu, ulisema tukimaliza mbio tutembee, ili damu iisafishe ile asidi. Ukasema ndani ya saa moja hivi imeshaondoka."

"Nilisema."

"Sasa kama imeondoka leo, keshokutwa inauma nini?"

Filimbi akavua kofia yake, akaivaa tena. Nilikuwa naokota koni pale karibu, nikaona. Nimemfahamu miaka ishirini na mbili, sijawahi kumwona akikosa neno. Mwishowe akamwambia mtoto, "Sijui. Nipe wiki moja."

Siku hiyo alikuja kwenye chumba changu nyuma ya maabara, akaketi juu ya sanduku la darubini, akasema, "Shemeji, nitolee kila kitabu ulichonacho chenye habari za misuli. Cha zamani na kipya." Nilimtolea saba. Vile vya zamani vilisema kama alivyokuwa anafundisha. Viwili vipya vilisema sivyo kabisa. Asidi ile huondoka mapema, tena moyo wenyewe huichoma kama chakula. Maumivu ya siku ya pili ni nyuzi za msuli zilizochanika kidogo mno, kisha zikavimba na kujijenga upya. Na kinachozichana zaidi ni pale msuli unapofanya kazi ya breki, yaani unabeba mzigo huku unavutwa urefuke, kama vile unaposhuka ngazi.

Alifunga kitabu taratibu. "Miaka kumi na tisa," akasema. "Nimewadanganya watoto miaka kumi na tisa."

"Hukuwadanganya. Ulikuwa hujui."

"Wao watajuaje tofauti?" Alikuwa na hasira, na aliyemkasirikia ni yeye mwenyewe, jambo ambalo watu wenye vyeo hapa shuleni hawajawahi kulijaribu. Nikamwambia aende akawaambie tu, yaishe. Akanitazama kama nimetema mate sakafuni. "Niwaambie tena? Kama waliniamini niliposema uongo na wataniamini nikisema kweli, watakuwa wamejifunza nini? Watakuwa wamejifunza kuniamini tu. Mimi nataka waione."

Ndivyo tulivyofika Jumanne na yale mabenchi. Tulitoa kumi kutoka bwaloni, yenye kimo cha magoti, mimi na yeye na mpishi mmoja aliyelalamika mwanzo hadi mwisho. Wenye matatizo ya magoti walikaa pembeni wakahesabu. Waliobaki wakafuata amri moja tu: kupanda, tanguliza mguu wa kulia. Kushuka, tanguliza mguu wa kulia vilevile. Jaribu mwenyewe uone. Ukipanda hivyo, mguu wa kulia ndio unaoinua mwili wote. Ukishuka hivyo, wa kushoto unabaki juu ya benchi, unakunja goti polepole na kuuteremsha mwili. Kulia unainua, kushoto unashusha, kila mara, dakika kumi na tano nzima, Filimbi akigonga mdundo kwenye kitako cha ndoo.

Walipomaliza wakawa hoi, na karibu wote wakasema mguu wa kulia ndio unaowaka. Ni haki yake, ndio uliofanya kazi kubwa na kutumia nguvu nyingi. Akawagawia vikaratasi. "Andikeni jina, na mguu utakaouma keshokutwa." Thelathini na wawili walipanda. Ishirini na saba waliandika kulia. Mbishi aliandika kushoto, pengine kwa kuwa wengine wameandika kulia. Karatasi zikaingia kwenye kopo, kopo likaja kwangu, nikalifungia kabatini pamoja na dawa za sumu.

"Keshokutwa ni Alhamisi," nikamwambia. "Siku ya mkaguzi."

"Najua siku za wiki, shemeji."

Alhamisi asubuhi nilisimama langoni nikawatazama wakiingia. Watoto thelathini na wawili, wote wanachechemea, wote mguu mmoja. Mshale alikuwa anashuka ngazi za lango kinyumenyume ameshika ukuta. Wa vidato vingine walikuwa wakicheka mpaka wanakaa chini. Nami nilicheka, Mungu anisamehe, mpaka nilipomwona Taaluma ametokea kwenye varanda, macho mekundu.

Dakika tano baadaye tulikuwa ofisini kwa Mkuu. Sikuitwa, niliingia na Filimbi kama vile nimebeba kitu.

"Umewalemaza watoto siku ya ukaguzi," Taaluma akasema. "Darasa zima. Mzazi mmoja ameshapiga simu."

"Hawajalemaa. Jumapili watakuwa wanaruka."

"Mwalimu," Mkuu akasema kwa sauti ya kubembeleza, "leo fundisha darasani. Wakae kwenye viti. Yeye atauliza maswali kutoka kwenye mwongozo wake, wao watajibu kama ilivyo kitabuni, atasaini, ataondoka. Vipindi vyako vitabaki. Habari za mguu usizitaje."

Lilikuwa pendekezo zuri, lazima nikiri. Hata mimi nilimkonyeza akubali. Filimbi akasema, "Nimesikia, Mkuu." Hakusema nimekubali, lakini Mkuu ni mtu anayesikia anachopenda kusikia.

Mkaguzi alifika saa nne. Mama wa makamo, mrefu, mkoba wa ngozi, viatu vya kisigino kifupi vilivyong'arishwa jana yake. Alikaa nyuma ya darasa, Taaluma kushoto kwake, Mkuu kulia. Mimi nilisimama mlangoni na mizani ambayo hakuna aliyeiomba. Somo likaenda vizuri. Watoto walieleza glasi, ndoo na bomba, Mshale akaeleza mbio zake sita bila kuona aibu. Mkaguzi aliandika, akaandika, na mara moja nikamwona akitikisa kichwa kwa kuridhika. Vipindi vilikuwa vimeshapatikana. Tulibakiwa na dakika kumi.

Kisha akafungua mwongozo wake. "Swali la mwisho. Maumivu ya misuli siku moja au mbili baada ya mazoezi makali husababishwa na nini?"

Kiranja wa darasa akasimama, kwa taabu, akiegemea dawati. "Asidi ya laktiki iliyobaki kwenye misuli."

"Vizuri sana," mkaguzi akasema, akaweka alama ya vema. Taaluma mwenyewe akatikisa kichwa kukubali. Mkuu akashusha pumzi.

"Samahani, mama," akasema Filimbi. "Jibu hilo si sahihi."

Mkaguzi akainua uso. "Ndilo lililo kwenye mwongozo wa kusahihishia, mwalimu."

"Ndiyo, mama. Mwongozo nao umekosea. Na huyu mtoto hana kosa, aliyemfundisha ni mimi. Nimelifundisha miaka kumi na tisa na nimekosea miaka kumi na tisa."

Unaweza kuwaza jinsi chumba kilivyokuwa. Mkuu alifumba macho. Taaluma alijinyoosha kwenye kiti, na ninaapa alikuwa anaona vipindi viwili vikielea kuja kwake. "Mama mkaguzi," akasema, "sasa umejionea. Mwalimu anakiri mwenyewe mbele ya wanafunzi kuwa hajui somo lake."

"Sijasema sijui," Filimbi akasema. "Nimesema sikujua. Shemeji, lete kopo."

Nilikwenda mbio kulichukua. Sijakimbia hivyo tangu harusi yangu. Niliporudi, darasa lilikuwa limetoka nje, mkaguzi amesimama juu ya nyasi na visigino vyake vinazama. Filimbi akafungua kopo akamkabidhi karatasi zote. "Zisome wewe mama, wasije wakasema nimezichagua."

Akasoma moja moja. Kulia. Kulia. Kulia. Kushoto. Kulia.

"Sasa," Filimbi akawaambia watoto, "kila mmoja ajibonyeze paja la mguu unaouma."

Mikono thelathini na miwili ikashuka kwenye mapaja ya kushoto.

Mkaguzi akasogea karibu. Akamwita Mshale, akambonyeza mwenyewe paja la kulia. Hakuna. La kushoto, kijana akaruka.

"Huenda wameelewana," Taaluma akasema.

"Mimi niliandika kulia," Mshale akamjibu, na hakuwa na adabu sana. "Ningeelewana nao nishindwe?"

Mkaguzi akamgeukia Mbishi, ambaye mkono wake mmoja ulikuwa juu tangu nirudi na kopo. "Sema."

"Mguu wa kulia ndio ulioinua," akasema Mbishi. "Ulitumia nguvu nyingi, ndio uliowaka Jumanne. Kama ni asidi, ungeuma huo. Unauma uliokuwa unashusha. Na damu ni moja, mtu ni mmoja. Kwa hiyo si asidi." Akasukuma miwani. "Mimi niliuliza zamani."

"Aliuliza," Filimbi akasema. "Sikuwa na jibu. Ndilo hili."

Mkaguzi alifunga mwongozo, akauingiza mkobani, akampa Mkuu mkoba aushike kana kwamba Mkuu ni karani. Kisha akavua viatu. "Benchi liko wapi?"

"Mama, si lazima," Mkuu akasema.

"Sisahihishi kitu kwa kusimuliwa."

Tulileta benchi. Mama yule alipanda na kushuka dakika kumi na tano, sketi ameikusanya kwa mkono mmoja, kidato cha pili kizima kikimhesabia, Filimbi akigonga ndoo na kumkumbusha: kulia juu, kulia chini. Dakika ya kumi alijaribu kusema jambo, akakata pumzi katikati, na watoto wote wakasema kwa pamoja, "Ndoo." Alipomaliza alikuwa ameloa jasho mgongo wote. Akavaa viatu, akachukua mkoba wake, akasema bila kumlenga yeyote, "Kwa sasa ni mguu wa kulia unaowaka. Sitasaini leo," akaondoka.

Siku mbili zile zilikuwa ndefu. Taaluma alibandika ratiba mpya kwenye ubao wa matangazo, kwa penseli, akisema ni ya tahadhari, na nakala akampelekea mkaguzi. Mkuu alimwambia Filimbi kwamba angeweza kunyamaza dakika kumi tu. Mke wangu, ambaye ni dada yake wa tumbo moja, alimwambia hivyo hivyo kwa maneno makali zaidi. Mimi nilimuuliza kama anajuta.

"Vipindi nitavililia," akasema. "Lakini yule kiranja alisimama na paja linamuuma, akajibu uongo wangu, akapewa vema. Ningemwangaliaje?"

Jumamosi asubuhi nilikuwa kwao, mumewe ananitengenezea bawaba ya kabati la maabara. Filimbi alikuwa uani anafua, mikono imejaa povu, simu ikalia juu ya tofali. Akaniambia niiweke sauti ya juu.

"Mwalimu wa michezo?" Tulimtambua sote. "Mimi nakaa ghorofa ya tatu. Nimetoka kushuka ngazi."

Filimbi akasimama wima, povu linamdondoka vidoleni. "Pole, mama. Mguu gani?"

Upande wa pili ikasikika sauti ya mtu anayeketi taratibu sana.

"Kushoto," akasema mkaguzi. "Mwambie mkuu wako afute ile penseli."